Beta ya 0.12: bei iliyotulia au bei iliyolala?

*"Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Moshi. Dalali wangu amenitumia jedwali la kampuni zilizoko Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kampuni moja ndogo ninayoipenda imeandikiwa beta 0.12, na benki moja imeandikiwa 1.3. Ananiambia ile ndogo haiyumbi, kwa hiyo inafaa fedha za kiinua mgongo. Ni kweli ni salama mara kumi kuliko benki?"*

Shikamoo Mwalimu. Hapana, si kweli, na naomba usiweke saini mpaka umalize kusoma. Inawezekana kabisa kwamba ile 0.12 haikutokana na utulivu wa kampuni. Inaweza kuwa imetokana na hisa kukaa wiki nyingi bila mtu kuinunua wala kuiuza. Hayo ni mambo mawili tofauti, na beta peke yake haiwezi kuyatenganisha.

Wewe uko Moshi, kwa hiyo nianzie kwenye kihamba. Kihamba cha ukoo kule Marangu au Kibosho hakiuzwi ovyo. Ukimuuliza mzee kina thamani gani, atakutajia bei aliyoisikia jirani alipouza kipande chake miaka minane iliyopita. Ukichora grafu ya bei hiyo utapata mstari ulionyooka kama rula. Je, thamani ya ardhi ile haikubadilika kwa miaka minane? Ilibadilika, ila hakuna aliyeuza, kwa hiyo hakuna bei mpya iliyoandikwa. Hisa ambayo haikuuzwa leo hufanya vivyo hivyo: kwenye taarifa ya soko huandikwa bei ileile ya mwisho, na mabadiliko yake yanahesabiwa kuwa sifuri. Mchambuzi akiichukua sifuri hiyo na kuiingiza kwenye hesabu yake, ameshaingiza ukimya kana kwamba ni utulivu.

Sasa tuone beta yenyewe inapatikanaje. Unachukua mabadiliko ya bei ya hisa kwa asilimia, wiki baada ya wiki, na mabadiliko ya fahirisi ya soko, yaani namba moja inayoonyesha mwendo wa bei za soko zima, kwa wiki zilezile. Kisha unauliza: soko likisogea kwa asilimia moja, hisa hii kwa kawaida husogea kwa asilimia ngapi? Jibu ni beta. Ikiwa 1, inakwenda sawa na soko. Ikiwa 1.3, soko likipanda asilimia 10 unatarajia hisa ipande kama 13, na likishuka ishuke kama 13. Wazo hili lilipata umaarufu kupitia kazi ya William Sharpe ya mwaka 1964, iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990.

Kuyumba ni kipimo kingine. Hapo hatuulizi soko linafanya nini. Tunatazama hisa yenyewe tu: mabadiliko yake yanatawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wake? Kipimo kinachotumika ni mkengeuko sanifu, ambao nina hakika uliufundisha darasani. Hisa inaweza kuyumba sana na bado ikawa na beta ndogo, kwa sababu inayumba kwa wakati wake, si pamoja na soko.

Nimekutengenezea mfano wa wiki sita ili tuhesabu pamoja. Takwimu hizi ni za mazoezi, si za kampuni yoyote, na nimezifanya nyepesi ili uweze kuzikagua kwa kalamu. Nimejumlisha asilimia moja kwa moja, bila kuweka riba juu ya riba, ili tusipoteze uzi.

| Wiki | Soko | Benki | Kampuni ndogo |
|---|---|---|---|
| 1 | +2 | +3 | 0 |
| 2 | +1 | +1 | +3 |
| 3 | −1 | −2 | 0 |
| 4 | −3 | −4 | −4 |
| 5 | +3 | +4 | 0 |
| 6 | −2 | −2 | +1 |

Kila safu inajumlika kuwa sifuri, kwa hiyo wastani ni sifuri na hesabu inakuwa rahisi. Chukua soko: piga kila namba kipeo cha pili, ujumlishe. 4, 1, 1, 9, 9 na 4 zinatoa 28. Sasa zidisha kila wiki ya benki kwa wiki ya soko na ujumlishe: 6, 1, 2, 12, 12 na 4 zinatoa 37. Gawanya 37 kwa 28, unapata 1.32. Hiyo ndiyo beta ya benki. Fanya vilevile kwa kampuni ndogo: 3, 12 na kutoa 2, nyingine zote ni sifuri. Jumla 13, ukigawanya kwa 28 unapata 0.46.

Lakini niliitengenezaje ile safu ya kampuni ndogo? Niliamua tangu mwanzo kwamba thamani yake halisi inakwenda sawasawa na soko, wiki kwa wiki, kwa beta ya 1 kamili. Kisha nikaamua kwamba mnunuzi na muuzaji wanakutana mwishoni mwa wiki ya 2, ya 4 na ya 6 tu. Wiki ya 1 soko lilipanda asilimia 2, hakuna aliyeuza, ikaandikwa sifuri. Wiki ya 2 soko likapanda moja tena, watu wakauziana, na bei ikaruka asilimia 3 kwa mpigo kufidia wiki zote mbili. Hakuna kingine nilichobadilisha. Beta ya kweli ni 1, iliyopimwa ni 0.46. Zaidi ya nusu imepotea kwa sababu ya kulala tu. Hisa inayolala wiki nne au tano kati ya kila sita inaweza kufika huko kwenye 0.12 bila shida yoyote.

Tazama pia kuyumba. Mkengeuko sanifu wa soko kwa wiki sita hizi ni asilimia 2.37, wa benki 3.16, na wa kampuni ndogo 2.28. Kampuni ndogo inayumba karibu sawa na soko zima, ingawa beta yake inasomeka chini ya nusu. Hapo ndipo penye ushahidi, Mwalimu. Beta ina viungo viwili vilivyozidishwa: hisa inayumba kiasi gani ikilinganishwa na soko, na inasogea pamoja na soko kwa kiasi gani. Kiungo cha pili ni uwiano, ambao kwa benki yetu ni 0.99 na kwa kampuni ndogo ni 0.48. Beta ya kampuni ndogo ilishushwa na kiungo cha pili. Bei ilikuwa inaruka vizuri tu, ila ilikuwa inaruka kwa kuchelewa.

Kwa hiyo ukikutana na beta ndogo, usiishie hapo. Omba na namba ya kuyumba. Beta ndogo pamoja na kuyumba kidogo ni habari moja. Beta ndogo pamoja na kuyumba kwingi ni habari nyingine kabisa, na kwa mtu mwenye hisa moja ni habari mbaya zaidi.

Kagua mwenyewe, ni kazi ya jioni moja. Soko hutoa taarifa ya bei kila siku, na dalali wako anaweza kukupa bei za kila Ijumaa za miaka miwili, yaani kama wiki 104. Ziweke kwenye Excel, soko safu ya B, hisa safu ya C, zote zikiwa tayari ni mabadiliko ya asilimia. Kwa mfano wetu wa wiki sita unaandika hivi:

```
=SLOPE(C2:C7,B2:B7)
=STDEV.S(C2:C7)
=CORREL(C2:C7,B2:B7)
=COUNTIF(C2:C7,0)
```

Mstari wa kwanza ni beta, wa pili kuyumba, wa tatu uwiano. Wa nne ndio wachambuzi wengi huusahau, nao ndio ninaoanza nao mimi: unahesabu wiki zenye sifuri. Kipimo changu mwenyewe, nilichokifikia kwa kuumia, ni kwamba zikizidi theluthi moja ya wiki zote, siisomi beta hiyo hata kidogo mpaka nimeirekebisha. Angalia pia safu ya kiasi cha hisa zilizouzwa, maana wakati mwingine hisa huuzwa kwa bei ileile kweli, na sifuri ya namna hiyo ni halali.

Marekebisho rahisi kuliko yote ni kurefusha kipindi. Rudi kwenye jedwali na unganisha wiki mbilimbili. Soko linakuwa +3, −4, +1. Kampuni ndogo inakuwa +3, −4, +1. Beta ni 1, ile ya kweli, imerudi yenyewe. Ndiyo maana kwa masoko yetu napendelea mabadiliko ya mwezi, na siku sizigusi. Gharama yake ni kwamba data zinapungua: miaka miwili inakupa miezi 24 tu, na kwa nukta 24 mwezi mmoja wa ajabu unaweza kuivuta beta juu au chini. Kwa hiyo nachukua miaka mitano, miezi 60, nikikubali kwamba kampuni ya miaka mitano iliyopita si lazima iwe ileile ya leo.

Wataalamu wana njia nyingine, inayojulikana kwa jina la Elroy Dimson aliyeieleza mwaka 1979. Unalinganisha hisa na soko la wiki hii na pia soko la wiki iliyopita, kisha unajumlisha beta zote mbili, ili ile hatua iliyochelewa nayo ihesabiwe. Inafaa, lakini inataka data nyingi. Nimeijaribu kwenye wiki zetu sita kwa fomula ya LINEST ya Excel. Imeleta 1 kwa wiki hii na 1 kwa wiki iliyopita, jumla 2, na mstari umelingana na data bila kosa hata moja. Ulinganifu kamili, na jibu ni mara mbili ya ukweli! Sababu ni kwamba wiki zilizobaki kwa hesabu ni tano tu, na katika hizo soko lilitokea kupanda na kushuka kwa mpangilio uliofanana na kuchelewa. Ukiona mchambuzi anakuonyesha beta iliyorekebishwa kwa njia hii, mwulize ametumia wiki ngapi.

Kuna swali la fahirisi pia. Dar es Salaam wana fahirisi ya kampuni zote, DSEI, na fahirisi ya kampuni za nyumbani, TSI. Ile ya kwanza ina ndani yake kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pia Nairobi, ambazo bei zake hufuata zaidi yanayotokea huko. Ukipima kampuni yako ya Tanzania kwa DSEI, sehemu ya kinachoitwa "soko" ni habari za Nairobi zisizoihusu, na beta inashuka tena. Tumia TSI. Na kumbuka kwamba benki kubwa ni sehemu kubwa ya fahirisi hiyohiyo inayopimwa nayo. Ikiyumba, fahirisi nayo inayumba, kwa hiyo ni vigumu kwake kuonekana mbali na 1.

Neno moja kuhusu jedwali la dalali wako. Baadhi ya wachapishaji wa takwimu hawatoi beta ghafi. Wanafuata uchunguzi wa Marshall Blume wa mwaka 1971, ulioonyesha kwamba beta za kampuni huwa zinaelekea 1 kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo wanachukua theluthi mbili za beta iliyopimwa na kuongeza theluthi moja. Beta iliyopitia hesabu hiyo haiwezi kwenda chini ya 0.33, isipokuwa ile ghafi iwe hasi. Yako ni 0.12. Maana yake karibu hakika ni ghafi, kama ilivyotoka kwenye mashine, na kama ingerekebishwa ingesomeka 0.41. Benki yako ya 1.3 ingekuwa 1.2. Ukilinganisha majedwali ya watu wawili, hakikisha kwanza wote wawili wamefanya jambo lilelile.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nikuandikie kwa urefu huu. Miaka ya nyuma, nilipokuwa bado kijana kwenye kazi hii, nilimshauri baba yangu mdogo hapa Arusha anunue hisa za kampuni moja yenye beta ndogo kama hiyo yako. Nilimwambia maneno yaleyale: haiyumbi. Na kweli haikuyumba. Mwaka uliofuata akahitaji fedha za matibabu ya shangazi. Tukaweka agizo la kuuza kwa bei iliyokuwa imeandikwa kwenye taarifa. Wiki ya kwanza hakuna mnunuzi. Ya pili akaja mmoja anayetaka hisa chache. Tulishusha bei, tukashusha tena, na tukamaliza kuuza baada ya miezi minne, kwa bei iliyo chini sana ya ile niliyokuwa nikimwonyesha kwenye grafu yangu nzuri iliyonyooka. Bei ya kwenye taarifa haikuwa ya kwake kuipata. Hajawahi kunilaumu, na mimi bado naikumbuka.

Fanya hesabu hii kabla ya kununua. Tuseme unataka hisa 20,000. Ukitazama taarifa unaona hisa hiyo inauzwa nusu ya wiki tu, na wiki inapouzwa ni kama hisa 1,500. Wastani ni 750 kwa wiki. Huwezi kuwa muuzaji pekee sokoni bila kuiangusha bei, kwa hiyo chukua theluthi moja, 250. Kuuza zote utahitaji wiki 80, yaani zaidi ya mwaka na nusu. Hiki ndicho watu wa soko wanachokiita ukwasi, urahisi wa kuigeuza hisa kuwa fedha, na hakimo kwenye beta wala kwenye kuyumba. Kwa fedha za kiinua mgongo, ambazo siku yoyote mjukuu anaweza kuzihitaji kwa ada, naiweka namba hii mbele ya nyingine zote.

Kitu kingine ambacho jedwali halikukuambia ni kwamba beta iliundwa kwa ajili ya mtu mwenye hisa za kampuni nyingi. Kwake, kiwanda kimoja kikifungwa, kingine kinafidia, kinachobaki ni mwendo wa soko zima, na beta inapima huo tu. Wewe unazungumzia kampuni moja. Kwako kila tukio la kampuni hiyo ni lako lote: mashine ikiharibika, mteja mkubwa akihama, gawio likisimamishwa. Hayo yote yako nje ya beta kwa makusudi, na yako ndani ya kuyumba. Mwenye hisa moja au mbili anapaswa kusoma mkengeuko sanifu kwanza. Ukitaka uwe wa mwaka, zidisha ule wa wiki kwa kipeuo cha pili cha 52, yaani 7.2. Benki ya mfano wetu, yenye 3.16 kwa wiki, ingesomeka kama asilimia 23 kwa mwaka. Kwa hisa inayolala, fanya hivyo kutokea kwenye mabadiliko ya mwezi, zidisha kwa 3.46, maana ya wiki yatakudanganya.

Sisemi kampuni yako ni mbaya. Zipo kampuni ambazo biashara yake kweli haifuati soko, na beta ndogo ni haki yake. Utaijua kwa dalili tatu zikiwa pamoja: wiki za sifuri ni chache, beta haipandi sana unapotoka kwenye wiki kwenda kwenye mwezi, na kuyumba kwenyewe ni kudogo. Dalili ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi. Beta ya wiki ikiwa 0.12 na ya mwezi ikawa 0.15, mwamini dalali. Ya mwezi ikiruka mpaka 0.7, mrudishie jedwali lake.

Kesho ukimpigia simu, mwombe vitu viwili tu: bei za mwisho wa kila mwezi kwa miaka mitano pamoja na TSI ya tarehe hizohizo, na idadi ya hisa zilizouzwa kila wiki kwa mwaka uliopita. Akisema cha pili hana, fungua taarifa za kila siku za soko uhesabu mwenyewe. Zikishakuwa tayari nitumie, tutazipitia pamoja safu kwa safu kabla hujatoa hata shilingi.